Nimeandika "huzuni" nikapata nusu: shairi la "Komeo" linasomwaje kwa maana?

Chipukizi22

Wakuu, salaam. Hili ni shairi la zoezi, halina jina la mtunzi. Maswali yalikuwa matatu: andika ubeti wa pili kwa lugha ya kawaida, eleza taswira mbili, kisha taja hisia ya nafsineni. Kwenye hisia nimeandika "huzuni" nikapewa nusu ya alama. Kwenye lugha ya kawaida nimeambiwa "umefupisha, hujaeleza". Sielewi tofauti. Shairi ni hili:

*KOMEO*

Usiku umeshakua, na taa bado yawaka,
Upepo nao wajua, kizingiti kukivuka,
Jirani akichungua, jibu langu ni kucheka,
Si kwamba nakungojea, komeo lile ni bovu.

Sahani mbili mezani, moja imefunikiwa,
Na kiti kile pembeni, vumbi lake hutolewa,
Ni mazoea nyumbani, nawe hukukusudiwa,
Si kwamba nakungojea, komeo lile ni bovu.

Maji yalokupeleka, ndiyo hayo hurejesha,
Magogo yalovunjika, ufuoni huyashusha,
Nami sijakasirika, nasema kukukumbusha,
Si kwamba nakungojea, komeo lile ni bovu.

Fundi alikuja jana, komeo kutengeneza,
Nilimjibu hapana, kitu asije geuza,
Akaniuliza sana, sababu sikueleza,
Si kwamba nakungojea, komeo lile ni bovu.

Jibu langu la ubeti wa pili lilikuwa: "Nafsineni ana huzuni kwa sababu mpenzi wake hayupo mezani." Kosa liko wapi?

MzeeWaMizani

Hili ni tarbia, kila ubeti una mishororo minne. Mizani ni 16, yaani 8 kwa 8. Lina ukwapi na utao, kwa hiyo ni mathnawi. Vina vya kati na vya mwisho vinabadilika kila ubeti isipokuwa kwenye kibwagizo, ambacho kina vina vyake. Utunzi umetulia, sioni mshororo uliopungua. Hapo umemaliza.

Chipukizi22

Asante mzee wangu, lakini sikuulizwa bahari wala mizani. Nimeulizwa maana.

NathariTu

Chipukizi, nianze na ubeti wa pili kwa sababu makosa mengine yote yanatokea hapo.

Sentensi uliyoandika ina mambo matatu ambayo hayamo kwenye ubeti: huzuni, mpenzi, na sababu. Halafu vitu vilivyomo, yaani sahani, kifuniko, kiti, vumbi, na zile kauli mbili za mwisho, vyote umeviacha nje. Ndiyo maana ukaambiwa umefupisha. Kuandika kwa lugha ya kawaida, au tutumbi kama wengine wanavyosema, ni kusema yaleyale yote kwa mpangilio wa mazungumzo. Hupunguzi na hutafsiri moyo wa mtu. Kipimo rahisi: jibu lako likiwa fupi kuliko ubeti, kuna kitu umekidondosha. Kwa kawaida hurefuka kidogo, maana unarudisha maneno ambayo mshairi aliyabana ili mizani ikae.

Fanya hivi. Soma ubeti kwa sauti mara mbili bila kushika kalamu, na usisimame mwisho wa kila kipande. Simama pale sentensi inapokwisha. Kisha rudi kwenye vitenzi, kimoja kimoja, na ujiulize: nani anatenda, lini, na je, ni kauli ya kukubali au ya kukana? Kiswahili kimeweka majibu hayo ndani ya kitenzi chenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Angalia "hutolewa" na "hukukusudiwa". Vyote vinaanza na *hu-*, lakini si *hu-* moja. Ya kwanza ni ya mazoea: vumbi hutolewa, yaani kila mara. Ya pili ni ya kukana kwa nafsi ya pili, wakati uliopita: wewe hukukusudiwa. Ukizichanganya, ubeti wote unapinduka. Vivyo hivyo ubeti wa kwanza: "wajua" hapo si "wao wanajua". Ni upepo, *u* na *a* zimeungana zikawa *wa*: upepo unajua. Na "yawaka" ni taa moja inayowaka, si taa nyingi.

Baada ya hapo rudisha mpangilio. "Upepo nao wajua, kizingiti kukivuka" inakuwa: hata upepo unajua kukivuka kizingiti. Kisha andika. Ubeti wa pili mimi ningeuandika hivi:

"Mezani kuna sahani mbili, na moja kati ya hizo imefunikwa. Kile kiti kilichoko pembeni nacho hufutwa vumbi kila mara. Haya ni mazoea tu ya humu nyumbani, wala wewe hukuwa umekusudiwa. Sikungojei, ni lile komeo tu ndilo bovu."

Hakuna neno "huzuni" hapo, na halitakiwi. Hisia ina swali lake.

Chipukizi22

Kwa hiyo hata kibwagizo naandika? Mimi nilidhani ni cha kupamba, nikakiacha.

NathariTu

Andika. Kibwagizo ni mshororo kama mingine. Kwenye shairi hili ndicho kinachobeba kila kitu, nitakifikia.

KalamuNyeusi

Naomba kuongeza. Mnazunguka sana. Ubeti wa tatu unasema wazi: "Maji yalokupeleka." Huyu mtu alizama baharini akafa. Nafsineni ni mfiwa, na sahani ya pili ni ya marehemu. Kwa hiyo hisia ni majonzi ya msiba. Na mkumbuke kanuni: nafsineni siye mshairi kamwe, kwa hiyo msiseme "mshairi ana huzuni".

SautiYaPili

Kalamu, nusu nakubali, nusu hapana.

Nianze na maji. Maji kumpeleka mtu si lazima yawe yamemzamisha. Chombo hupelekwa na maji, msafiri hupelekwa na maji. Ukisema kafa, jiulize ni mishororo mingapi inakubaliana nawe na mingapi inakataa. "Ndiyo hayo hurejesha" inawezekana, bahari hurejesha maiti. "Magogo yalovunjika" nayo inawezekana. Lakini "nami sijakasirika"? Nani anamwambia maiti kwamba hajamkasirikia, tena "nasema kukukumbusha"? Na jirani anayechungulia, angekuwa anachungua nini kwenye nyumba ya msiba, na mfiwa angemjibu kwa kucheka? Unapata vipande viwili vya kukutegemeza na vinne vya kukuangusha. Tafsiri inayoshika mstari mmoja na kuyaacha mengine yote nyuma haitoshi, hata ikiwa nzuri.

Pili, hiyo "kamwe". Ni tahadhari nzuri kwa mwanzo, lakini si kanuni. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni mama anayemwambia bintiye mwenyewe, na anajitaja. Hapo kutenganisha nafsineni na mtunzi ni ubishi mtupu. Kwenye "Komeo" hatuna jina la mtunzi wala dokezo lolote, kwa hiyo tunasema "nafsineni" kwa sababu ndiye pekee tunayemjua.

KalamuNyeusi

Kuhusu Mwana Kupona umenishika. Kuhusu kifo bado sijashawishika. Wafiwa huzungumza na marehemu, na hukasirika pia kwamba wameachwa.

SautiYaPili

Hilo la kukasirika kwa kuachwa ni hoja bora kuliko ile ya maji. Ungeanza nalo. Basi tuseme maandishi hayafungi mlango wa kifo kabisa, ila hayauelekei.

MamaWarda

Jamani mimi naandika mashairi huru, hayana vina. Hii njia ya kurudisha mpangilio inanihusu? Maana msomaji wangu mmoja kila mara ananiambia "sijaelewa mstari wa tatu", na mstari wa tatu una neno moja tu.

NathariTu

Inakuhusu, ila kipimo ni sentensi, si mstari. Msomaji wako anajaribu kulieleza neno moja kana kwamba ni mshororo kamili. Mwambie aunganishe mistari mpaka apate kiima na kitenzi, aandike sentensi hiyo, halafu ndipo ajiulize kwa nini neno lile limeachwa peke yake. Akianza na swali la pili kabla ya la kwanza atabaki anaotea.

MamaWarda

Sawa dada, nimekupata. Endeleeni na komeo lenu.

NathariTu

Turudi basi. Taswira.

Swali liliposema "eleza taswira mbili", wengi huandika "kuna taswira ya sahani na taswira ya kiti" wakanyamaza. Huko ni kutaja. Kueleza kunahitaji hatua mbili zaidi: kitu hicho kinafanya nini ndani ya shairi, na kinatuonyesha nini ambacho maneno ya moja kwa moja hayasemi.

Chukua karatasi, igawe pande mbili. Upande mmoja andika vitu vinavyoonekana, kusikika au kuguswa vilivyomo ndani ya nyumba: taa, sahani, kiti, komeo. Upande wa pili andika vya nje: upepo, maji, magogo, jirani, fundi. Usitafsiri bado. Sasa angalia vitenzi vyake. Vya nje vinakwenda na kurudi, vinavuka, vinashusha, vinachungua, vinauliza. Vya ndani vimetulia mahali pake, vimewekwa tayari. Taa inawaka, sahani imefunikwa, kiti kimefutwa. Nyumba yote imesimama katika hali ya kungoja, wakati mwenye nyumba anasema hangoji. Hiyo ndiyo kazi ya taswira hapa: vitu vinasema kweli ambayo msemaji anaikana.

Kisha uliza swali ambalo watu hulisahau: nani aliyeshika hivyo vitu? Sahani "imefunikiwa". Na nani? Vumbi "hutolewa". Na nani? Ubeti mzima wa pili una vitenzi vitatu kabla ya kibwagizo, na vyote ni vya kutendwa: imefunikiwa, hutolewa, hukukusudiwa. Hakuna "nimefunika", hakuna "ninafuta". Nafsineni ameuficha mkono wake. Anayefuta kiti ni yeye, lakini anazungumza kana kwamba kiti kinajifuta.

Chipukizi22

Hapo umenifungua macho. Lakini "imefunikiwa" mimi nilidhani ni kosa la "imefunikwa". Ndiyo mazida?

MzeeWaMizani

Hili ni langu. "Moja imefunikwa" ni mizani 7, mo-ja-i-me-fu-ni-kwa. Ikahitajika 8, na kina kiwe *-wa*. Neno likarefushwa. Ni mazida, basi, na maana haibadiliki.

SautiYaPili

Mzee, hesabu yako ni sahihi, ila "maana haibadiliki" umeiharakisha. "Funikiwa" ni neno lililopo kwenye lugha. Mtu hufunikiwa chakula, yaani kinafunikwa kwa ajili yake. Mtunzi alihitaji silabi moja zaidi, na silabi aliyoichagua ni ile inayobeba "kwa ajili ya". Kisha, ukiruka mshororo mmoja tu, unakuta "nawe hukukusudiwa". Kitenzi kimekiri, kisha msemaji akakana.

MzeeWaMizani

Sarufi haikubali. Anayefunikiwa ni mtu, si sahani. Sahani hufunikwa. Ungetaka maana yako ingekuwa "mtu amefunikiwa sahani". Wewe unamtilia mtunzi maneno kinywani.

SautiYaPili

Kwa sarufi ya nathari uko sawa. Kwa sikio sijui kama msomaji ataisikia "funikiwa" bila kusikia "kwa ajili ya nani".

NathariTu

Mimi naegemea kwa mzee hapa, kwenye mtihani walau. Ukiandika kwa lugha ya kawaida, weka "imefunikwa". Ukitaka kuzungumzia ile *-i-* izungumzie kwenye taswira, na useme "huenda". Na kwa jumla, kabla hujajenga hoja juu ya silabi iliyoongezwa au iliyokatwa, hesabu kwanza. Mfano mwingine: ubeti wa tatu unasema "ndiyo hayo hurejesha", hausemi "hukurejesha". Ungeweza kusema nafsineni anaogopa kutamka "kukurejesha wewe". Inavutia, lakini "ndiyo hayo hukurejesha" ingekuwa mizani 9. Inawezekana ni woga, inawezekana ni mizani. Usiuweke uzito wote wa jibu lako hapo.

KalamuNyeusi

Basi hayo magogo ni nini? Anamwita mwenzake gogo lililovunjika? Hayo ni matusi.

NathariTu

Swali zuri. Kwanza ubeti kwa lugha ya kawaida: "Maji yaliyokupeleka ndiyo hayohayo ambayo hurejesha. Magogo yaliyovunjika, maji huyashusha ufuoni. Mimi sijakasirika, nasema ili kukukumbusha tu. Sikungojei, ni lile komeo tu ndilo bovu." Angalia kwamba anayeshusha ni maji, na *ya* ndani ya "huyashusha" ni magogo. Nimeona watu wanaandika "magogo huyashusha maji", wakapata picha isiyokuwapo.

Sasa sitiari. Hasemi "wewe ni gogo". Anaweka kauli mbili jirani, maji yaliyokupeleka na magogo yanayorudishwa, anatuachia sisi kuunganisha. Ukiunganisha unapata pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ni dongo: utarudi umevunjika. Upande wa pili ni ruhusa: hata aliyevunjika hurudishwa, njoo hivyohivyo. Ukichagua upande mmoja tu, mshororo unaofuata unakukwaza. Ikiwa ni dongo tupu, kwa nini asisitize hajakasirika? Ikiwa ni huruma tupu, nani alimuuliza kama amekasirika? Mtu anapokana jambo ambalo hakuulizwa, hilo jambo liandike pembeni ya karatasi. Hasira imo.

Chipukizi22

Basi hisia ni hasira? Mimi niliandika huzuni, Kalamu majonzi, sasa hasira. Ndiyo maana nachanganyikiwa.

SautiYaPili

Ngoja tutenganishe. Kuna unachohisi wewe ukisoma. Hiyo inaweza kuwa huzuni, na ni halali, ila hukuulizwa. Kuna toni, yaani namna anavyozungumza: hapa ni ya kujitetea, kavu, kama mtu anayejibu swali kabla halijaulizwa. Na kuna hisia ya nafsineni, kile kilicho chini ya hayo mazungumzo. Ulichoandika wewe ni cha kwanza, ukakiweka kwenye nafasi ya tatu.

Ukishapata neno la hisia, lijaribu. Lipitishe ubeti kwa ubeti utafute mshororo unaolikataa.

"Huzuni": inapita, lakini haielezi chochote. Kwa nini fundi afukuzwe? Mwenye huzuni anaweza kutengenezewa komeo akaendelea kuhuzunika. Neno likipita kila mahali bila kukwama popote, mara nyingi ni kwa sababu ni pana mno, na ndiyo nusu ya alama uliyopata.

"Kukata tamaa": inakwama kwenye ubeti wa kwanza na wa pili. Aliyekata tamaa hawashi taa wala hafuti kiti.

"Hasira": inakubalika ubeti wa tatu, inakwama kwenye sahani.

"Upweke": inakaribia, ila hana upweke wa mtu yeyote. Jirani yupo, fundi yupo, lakini yeye hawataki hao. Anamtaka mmoja.

Unabaki na hamu, au shauku, au matumaini. Hizo zinaeleza taa, sahani, kiti na fundi. Hazielezi kule kukana. Kwa hiyo neno moja halitoshi. Unahitaji hisia na kile kinachoifunika.

NathariTu

Na ushahidi wa kule kukana unahesabika. Tafuta kila kauli ya kukana. Ubeti wa kwanza una moja: "si kwamba". Wa pili mbili: "hukukusudiwa" na "si kwamba". Wa tatu mbili: "sijakasirika" na "si kwamba". Wa nne zinafika nne: "hapana", "asije", "sikueleza", "si kwamba". Kadiri shairi linavyokwenda ndivyo anavyokana zaidi. Asiye na la kuficha hahitaji kukana mara tisa.

Sasa kibwagizo, nilichoahidi. Maneno hayabadiliki hata moja, lakini maana yake haikai. Kwenye ubeti wa kwanza unaweza kumwamini: komeo ni bovu, mlango haufungiki, upepo unaingia. Kwenye wa pili na wa tatu unaanza kushuku. Kwenye wa nne anatuambia mwenyewe kwamba fundi alikuja, akaja kwa ajili ya komeo hasa, naye akakataa. Kwa hiyo komeo ni bovu kwa kuwa anataka libaki bovu. Kisingizio kimegeuka ushahidi, na msemaji anakirudia palepale kana kwamba hakusikia alichosema. Ndiyo maana ukikiacha kibwagizo kwenye lugha ya kawaida unapoteza shairi.

Ubeti wa nne ndio pia mahali anapojitokeza kama mtendaji. Kwenye wa pili mkono ulifichwa, hapa "nilimjibu". Andika mahali hisia inapogeuka, usitaje hisia moja kwa shairi zima kana kwamba halisogei.

MzeeWaMizani

Hilo la kibwagizo limenipendeza. Na "asije geuza" ni "asije akageuza", imekatwa. Chipukizi, ukiiandika kwa lugha ya kawaida usisahau kuirudisha.

KalamuNyeusi

Lakini nani hawa? Mke anamngoja mume, si ndiyo? Sahani mbili.

SautiYaPili

Wapi imeandikwa "mke"? Kiswahili hakina "yeye wa kiume" na "yeye wa kike". Viambishi *ni-* na *ku-* havikuambii chochote zaidi ya mimi na wewe. Anaweza kuwa mume anamngoja mke, mzazi anamngoja mwana, ndugu anamngoja ndugu. Kitu kimoja tu ndicho kimeandikwa: anayengojwa anaijua nyumba. "Kiti *kile*", "komeo *lile*". Hawezi kumwambia mgeni "komeo lile" kabla hajamwonyesha. Wote wawili wanalijua. Kwa hiyo sema "mtu aliyewahi kuishi au kuzoea nyumba hiyo", usivuke hapo.

KalamuNyeusi

"Lile" inaweza kuwa tu kwamba liko mbali naye, yeye yuko mezani.

SautiYaPili

Inaweza. Mbili hizo hazipingani.

MamaWarda

Mimi naona ni mzazi. Mpenzi hafunikiwi sahani kila siku hivyo, mtoto ndiye hufunikiwa.

NathariTu

Mama Warda, hiyo ni hoja kutoka kwenye maisha, siyo kwenye ubeti. Huenda uko sahihi, ila kwenye jibu tungehitaji neno linalobeba hilo, na sijaliona.

Chipukizi22

Nimejaribu upya. Nikosoeni.

"Nafsineni ana hamu kubwa ya kurudi kwa mtu aliyeondoka nyumbani, lakini anaona haya kuikiri, kwa hiyo anaikana. Hamu inaonekana kwenye taa inayowaka usiku, sahani iliyofunikwa na kiti kinachofutwa vumbi. Kukana kunaonekana kwenye kibwagizo, 'Si kwamba nakungojea', na kwenye 'sijakasirika', ambapo anajitetea bila kuulizwa. Katika ubeti wa nne hisia inafichuka, kwa sababu anamzuia fundi kutengeneza komeo lilelile alilolitaja kuwa sababu."

NathariTu

Hilo lina hisia, kinachohisiwa kinamhusu nani, ushahidi, na mahali pa kugeuka. Kitu kimoja: "anaona haya" umeipata wapi?

Chipukizi22

Kwenye "jibu langu ni kucheka". Jirani akichungua anacheka badala ya kujibu. Na "sababu sikueleza".

NathariTu

Basi iweke ndani ya jibu, usiiache kichwani. Bila mishororo hiyo miwili msahihishaji atadhani umebuni.

SautiYaPili

Mimi bado ningeandika "ukaidi" badala ya "haya". Mwenye haya angemwacha fundi atengeneze ili watu wasiseme. Huyu amekataa mbele ya fundi anayeuliza "sana". Ameshupaa.

Chipukizi22

Lakini mkaidi angemwambia fundi sababu. Huyu kanyamaza.

SautiYaPili

Hapo umenibana kidogo. Ngoja niusome tena ubeti wa nne.

MzeeWaMizani

Mkiusoma, usomeni kwa sauti. "Akaniuliza sana" inataka pumzi baada yake.